Fundi na msagaji hawahesabu gharama njia moja

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Tuanze na fundi wa nguo hapa Nairobi, mwenye cherehani mbili na kibanda cha kukodi. Asubuhi ameletewa suruali iwekwe zipu, mchana kastoma anataka suti ya harusi. Akichukua matumizi yote ya mwezi, tuseme 60,000, agawanye kwa kazi 100, anapata 600 kwa kila kazi, na hiyo 600 haifanani na kazi yoyote aliyofanya, yaani mwenye zipu atakimbia na wenye suti watapanga foleni, na fundi atashinda akishona huku pesa ikiisha.

Kwa hivyo fundi anahitaji kosting ya kazi moja moja, kila oda na kadi yake ya kuandika gharama. Ile suti: kitambaa mita 3 kwa 900 ni 2,700, bitana, vifungo na uzi 600, masaa 10 kwa 150 ni 1,500. Halafu ovahedi, yaani gharama za kibanda kizima zisizo za oda moja, hapa ndio wengi huteleza. Kodi na stima ni 9,600 kwa mwezi, masaa ya kushona ni 160, so kila saa inabeba 60, suti inabeba 600. Jumla 5,400. Ukiwa umekubali 5,000 umeshona hasara, na kadi itakuonyesha kama ni kitambaa kilizidi ama masaa.

Na oda ya sweta 200 za shule? Hiyo ihesabu kama kazi moja, kadi moja, kisha gawanya kwa 200.

Sasa njooni kwa kinu cha unga. Mahindi ya magunia 100 yakishaingia kwa mashine, hakuna mtu anaweza kukuambia paketi hii imetoka gunia lipi, kwa hivyo unafuata mchakato wenyewe, unakusanya gharama halafu unagawanya kwa kilo. Magunia 100 ya kilo 90 ni kilo 9,000, tuseme yamenunuliwa 400,000. Stima, mishahara na mifuko 56,000. Zikatoka kilo 7,000 za unga, 1,800 za pumba, na 200 zikapotea kwa vumbi na unyevu, kama kawaida ya kinu hicho. Pumba umeuza 36,000, unazitoa kwa gharama, inabaki 420,000, kila kilo ni shilingi 60.

Sasa sikizeni vizuri. Siku moja unga unatoka kilo 6,800 na pumba ni zile zile. Mkigawanya 420,000 kwa 6,800 mtapata karibu 61.80, mtasema mahindi yamepanda, mtaongeza bei, na kumbe mashine inavuja unga ama kuna mtu anabeba usiku. Acheni kilo ibaki 60, zile kilo 200 zilizopotea zaidi ya kawaida muandike kando kama hasara isiyo ya kawaida, shilingi 12,000, ndio meneja aulize zimeenda wapi.

Mwenye posho mill anayesagia watu mahindi yao, wewe usiweke bei ya mahindi kabisa, si yako. Gharama yako ni ya kusaga tu, kwa kilo zilizoingia.