"Walinifuata nyumbani": kesi ya ukimbizi inaamuliwaje kweli

Haya watu wangu wa Kigoma, Buja, Bukavu na popote mlipo, mi niko Toronto, baridi imenishika mpaka kwenye kope. Nimekaa ndani ya gari nje ya kazini nina kama dakika kumi na tano hivi, kwaiyo ngoja tuongee lile swali mnalonitumia kila siku inboksi: "kaka, nikifika huko niseme nini wanipokee?"

Swali lenyewe limekaa vibaya. Mi nafanya ukalimani, Kiswahili na Kirundi, nimekaa kwenye vyumba vya kusikiliza kesi za ukimbizi mara nyingi tu, na mambo ya watu siwezi kuyatoa hapa, ni siri na nimeapa. Kwaiyo nimetunga kijana wa mfano. Hayupo, msimtafute.

Kijana wetu anatoka Musaga, Bujumbura. Mwaka 2015 ana kibanda cha vocha, anachajisha watu simu. Mwisho wa mwezi wa nne chama tawala kinamtangaza rais Nkurunziza agombee tena, maandamano yanaanza, na Musaga mnaijua ilivyowaka. Ye hakuandamana hata siku moja, anaogopa mabomu ya machozi, ila waandamanaji wanachajisha simu kwake. Mwezi wa sita Imbonerakure, wale vijana wa chama, wanakuja na polisi wanambeba, siku nne ndani, anapigwa nyayoni, anaulizwa majina ya wenye zile simu. Familia inalipa, anatoka. Anajificha Gitega kwa shangazi, baada ya miezi mitatu wanakuja kumuulizia huko huko, anakimbilia Kampala. 2019 anarudi Burundi siku tano kumzika baba yake. 2023 anapata viza ya kuja Kanada, akifika anaomba ukimbizi.

Sasa wengi wenu mkisikia hapo mnasema huyu kapita, si kapigwa? Hapana, subiri. Mkataba wa 1951 hausemi mkimbizi ni mtu aliyepigwa. Unasema ni mtu aliye nje ya nchi yake, ana hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya moja kati ya mambo matano: asili yake ya rangi au kabila, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, au msimamo wa kisiasa, na nchi yake haiwezi kumlinda au yeye kwa hofu hiyo hataki ulinzi wake. Hilo neno dogo "kwa sababu ya" ndo linaangusha watu. Mtu anaeleza kipigo saa nzima mpaka mimi mkalimani machozi yananilenga, alafu mwamuzi anauliza, kwanini wewe? Anajibu "sijui, ni watu wabaya tu." Kesi imeanza kuzama hapo.

Kijana wetu angekosea kusema "mimi sina siasa, mi nauza vocha tu." Ni kweli hana! Lakini kinachoangaliwa ni kilichomo kichwani mwa anayekutesa, sio kichwani mwako. Wao walimwona mpinzani, walimbandika huo msimamo, wakampiga kwa ajili hiyo. Msimamo wa kubandikwa unahesabika sawasawa na wa kweli. Na anajuaje walimbandika? Kwa maswali waliyomuuliza mule ndani, yale ya majina ya wenye simu. Kwaiyo maneno ya mtesaji yanahitajika kwenye maelezo kuliko hata idadi ya fimbo.

Geuza mfano kidogo uone. Tuseme wale wale vijana walimpiga sababu kaka yake mkubwa anataka shamba la baba, kawalipa hela. Kipigo ni kile kile, nyayo zile zile, ila sababu ni shamba, haimo kwenye yale matano. Kanada ina mlango mwingine wa pembeni, kifungu cha 97 cha sheria yao ya uhamiaji, kwa mtu ambaye maisha yake yako hatarini bila kujali sababu, ila ule unadai uonyeshe hatari ina uwezekano mkubwa kutokea kuliko kutotokea, ni mlima. Na kama walitaka vyote, hela na kumkomoa mpinzani? Inatosha, siasa sio lazima iwe sababu pekee.

Hofu yenye msingi sasa. Ina pande mbili, wewe mwenyewe uogope kweli, na mtu mwingine akiangalia hali ilivyo aone hofu yako ina mashiko. Na inaangalia mbele! Kilichokupata 2015 ni ushahidi tu, swali ni ukirudi kesho itakuaje. Kiwango chenyewe sio kikali watu wanavyodhani, hapa mahakama ilishasema tangu 1989 kwamba huhitaji kufika nusu kwa nusu, inatosha uwezekano wa maana, na kule Marekani mahakama yao kuu 1987 ilikubali kwamba hata nafasi moja kwa kumi inaweza kutosha.

Kwaiyo mwamuzi atamwambia kijana, Nkurunziza alifariki 2020, rais ni mwingine, unaogopa nini? Jibu ni kwamba chama ni kile kile na Imbonerakure bado wapo, hata ripoti za Umoja wa Mataifa baada ya 2020 zimewataja. Lakini ripoti inaongelea nchi, haikuongelei wewe. Kinachomuunganisha yeye na leo ni hiki: 2022 walipita kwa mama yake wakauliza "yule wa vocha karudi?" Mama aandike barua, mwezi, nani alikuja, alisema nini, aambatanishe kopi ya kitambulisho chake.

Mwamuzi akiuliza kwanini asihamie mkoa mwingine wa Burundi, jibu analo tayari, Gitega walimfuata. Na polisi ndo waliokuja kumbeba, akalalamike kwa nani?

Palipo pabaya ni 2019. Siku tano kwenye nchi unayosema utateswa, mwamuzi lazima ashike hapo, na kwanini miaka yote ile Kampala hakuomba ukimbizi. Msiba tu hautoshi kujibu, lazima aseme alivukaje, alilala wapi, nani alijua yupo. Kama aliingia usiku, hakukanyaga Musaga, akamzika baba asubuhi mlimani kwao bila kukaa kilioni, hiyo ni safari ya mtu anayeogopa. Kama alipiga picha na jamaa kumi akaposti, basi tena. Na asiifiche! Mihuri iko kwenye paspoti, akikamatwa kaificha hiyo, hata zile siku nne za kweli hataaminiwa.

Alafu lugha jamani. "Walinifuata nyumbani." Sisi tunaelewa walikuja kunichukua. Kuna mkalimani aliitafsiri kama walikua wanatembea nyuma yake, mwamuzi akauliza "walikua umbali gani nyuma yako?" mwombaji akachanganyikiwa, nilikua ndani, nyuma wapi? Kwenye fomu yake ya maombi ilikua imeandikwa walivunja mlango. Ikaonekana hadithi mbili, ikachukua nusu saa kunyoosha. Sema walikuja, wakagonga, wakaingia, wakanishika. Na fomu usomewe yote kwa lugha yako kabla hujasaini, sio kurasa mbili.

Huyu wangu mi nampa nafasi nzuri, akieleza 2019 vizuri. Wa shamba simuoni akipita. Walioniuliza kuhusu kambi za Nyarugusu na Nduta, kule Tanzania ni habari nyingine: Warundi walikua wanapokelewa kwa kundi bila kesi ya mmoja mmoja mpaka Tanzania ilipositisha Januari 2017. Ntairudia wiki ijayo, bosi kashatoka mlangoni ananiangalia.