Safu ya Soko Haijazwi Ukiwa Umekaa Nyumbani

Asanteni. Naona wengi mmeshika karatasi zile za mwaka jana, kwa hiyo sitarudia kuchora jedwali la kuchagua biashara. Mawazo ya biashara yanashuka upande wa kushoto, na juu kuna safu nne: ujuzi, gharama ya kuanza, soko, hatari. Kila kisanduku alama 1 hadi 5. Tuingie kwenye makosa, maana ndiyo yanayonileta Busia kila mara.

Kuna mama mmoja wa hapa hapa, ameniruhusu nimtaje bila jina. Alikuwa na shilingi 2,000,000 za Uganda na mawazo mawili: kufuga kuku wa nyama 200, au kibanda cha chapati na roleksi karibu na steji. Akajaza jedwali. Kuku: ujuzi 3, gharama 3, soko 5, hatari 5. Jumla 16. Chapati: ujuzi 5, gharama 5, soko 3, hatari 2. Jumla 15. Akaniambia, "Mwalimu, kuku wameshinda."

Nikamwuliza, hiyo 5 ya hatari ina maana gani? Akasema hatari ni kubwa, mdondo ukiingia bandani unawamaliza. Jamani! Yaani kuku wamepewa alama nyingi kwa sababu wanaweza kufa wote! Katika jedwali hili alama kubwa ni nzuri kwenye kila safu. Hatari kubwa ni 1, hatari ndogo ni 5. Ukiwa umeshakosea, toa ulichoandika kwenye 6. Kuku wakapata 1, chapati zikapata 4. Jumla zikawa 12 kwa 17.

Na hatari usiipime kwa woga. Jiulize: mambo yakiharibika, nitabaki na nini mkononi? Unga ambao haukuuzwa leo, kesho asubuhi unakandwa. Kuku aliyekufa kwa mdondo unamfukia.

Sasa soko, ambalo nimelisema mpaka sauti imekauka. Kwa nini kuku walipewa 5? "Kila mtu anakula kuku." Hilo si soko. Nikamtuma aende kwa wanunuzi watano, wenye mikahawa na wachoma kuku, awaulize mambo matatu tu: unanunua kwa nani, wangapi kwa wiki, unalipa lini. Wanne walikuwa na mfugaji wao wa siku zote. Mmoja alikuwa tayari kununua, lakini analipa baada ya wiki mbili. Soko la kuku likashuka hadi 2.

Kwa chapati alikaa kwenye benchi pale steji asubuhi tatu, saa kumi na mbili hadi saa tatu, mojawapo ikiwa siku ya soko. Mkononi daftari, anachora kijiti kwa kila mteja. Najua mtasema pale pana muuza chapati tayari. Ndiyo, na ndiyo maana nikamwambia ahesabu pia wanaoondoka mikono mitupu. Siku ya soko unga wa yule kijana uliisha kabla ya saa mbili, na watu 23 wakafika, wakatazama kikaango, wakaondoka. Hao 23 ndio soko lake. Siku nyingine mbili walikuwa 9 na 11. Akapandisha 3 ikawa 4, hakuandika 5, kwa sababu siku ya soko haiji kila siku. Sawa kabisa.

Gharama niipitie haraka. Yeye alihesabu vifaranga na banda, akasahau kula. Kuku wa nyama hadi auzwe, kama wiki sita hivi, anamaliza karibu kilo 4 za chakula. Kuku 200 ni kilo 800. Kwa bei aliyopewa dukani, shilingi 2,200 kwa kilo, hiyo ni 1,760,000. Vifaranga kwa 3,000 kila mmoja, 600,000. Tayari 2,360,000, banda bado, na mfukoni ana 2,000,000. Wazo la namna hiyo halipewi alama, linafutwa kabla ya kujumlisha, hata kama safu nyingine zote zina 5. Gharama ya kuanza ni fedha zote zinazotoka mpaka siku ya kwanza fedha inaporudi.

Mzee pale anasema apunguze, afuge 100. Inawezekana, lakini hiyo ni biashara nyingine. Iandikie mstari wake mpya na uijaze upya yote, maana mnunuzi wa kuku 100 huenda si yule yule wa 200.

Ujuzi sina muda nao. Andika 5 kama umeshaifanya kazi hiyo kwa mikono yako, 3 kama umemsaidia mwingine, 1 kama umeisikia tu.

Wenye daftari, kesho ni siku ya soko. Tukutane steji saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na benchi lake.