Mchele si wali: kupima chakula kabla na baada ya jiko

Ndugu zangu, lugha yetu imetusaidia jambo moja ambalo programu za simu za kuhesabu kalori hazitusaidii. Tunasema mchele, kisha tunasema wali. Lakini maharage mabichi, makavu na yaliyoiva yote ni maharage, na nyama ni nyama, iwe buchani au mezani. Hapo ndipo hesabu za kalori zinapoharibika.

Mama mmoja aliniletea daftari lake. Chakula cha usiku: wali gramu 300, kalori 1080. Alikuwa amejinyima hadi anaamka usiku kwa njaa. Nikamuuliza, hizi gramu ulizipima wapi? Akasema, kwenye sahani. Basi sahani ilikuwa na wali, ila kwenye simu alichagua mchele mkavu, ambao gramu 100 zina kalori kama 360. Wali mweupe wa maji matupu una kama 130 tu. Mchele haukupoteza kitu jikoni. Umekunywa maji, na maji hayana kalori.

Tukapika naye upya. Mchele mkavu gramu 500, kalori 1800. Mafuta gramu 30, kalori 270. Jumla 2070. Sufuria tupu tulikuwa tumeipima, gramu 640. Wali ulipoiva tukapima sufuria na vilivyomo: 2020. Toa 640, unabaki na wali gramu 1380. Gawanya 2070 kwa 1380, unapata kalori 1.5 kwa kila gramu. Sahani yake ya gramu 300 ni kalori 450, mafuta yakiwemo.

Ndiyo maana napenda kupima kikavu kisha kupima sufuria. Wali wa bokoboko una maji mengi kuliko uliochambuka, kwa hiyo ile 130 ya kwenye simu ni makadirio tu. Sufuria yako haikadirii.

Maharage nayo hunywa maji: makavu yana kalori kama 340 kwa gramu 100, yaliyochemshwa na kuchujwa kama 130. Yapime kabla ya kuyaloweka, maana yaliyolowekwa usiku kucha si makavu tena, na wala hayajaiva.

Nyama inakwenda kinyume, na kosa lake ni baya zaidi kwa sababu linakufurahisha. Kilo moja ikiiva inaweza kubaki gramu 700, maana maji yametoka. Ukila gramu 150 zilizoiva ukaandika 150 mbichi, umeandika pungufu: mbichi zake zilikuwa kama 214. Na angalia ilivyopikwa. Ya kuchoma, sehemu ya mafuta imedondokea kwenye makaa. Ya mchuzi, mafuta yaliyotoka yanaelea juu ya sufuria, na ukiuchota mchuzi ule ukaumwagia wali, umeyala. Kwa hiyo nyama ya mchuzi nawaomba mpime sufuria nzima, nyama na mchuzi wake pamoja.