"MOQ 10,000": barua pepe yangu kwa kiwanda cha mifuko ya kahawa

KAKA: Karibuni tena, tunaongea nanyi kutoka Mbeya mjini. Dada, wewe unakaanga kahawa ya Mbozi na ulitaka mifuko elfu mbili ya robo kilo. Uliandikia kiwanda China, wakakujibuje?

DADA: Mstari mmoja tu: "MOQ 10,000". Yaani oda ya chini kabisa ni mifuko elfu kumi. Nikaona hapa safari imeishia.

KAKA: Wewe ulikuwa umeandika nini?

DADA: "Naomba bei ya mifuko ya kahawa." Basi. Sikutaja ukubwa, wala idadi, wala kama nataka nembo ichapwe. Sasa muuzaji atajuaje anipe bei ya mfuko gani? Akanipa kiwango cha mifuko ya kuchapwa.

KAKA: Na hiyo elfu kumi inatoka wapi?

DADA: Inatoka kwenye silinda za kuchapia. Kila rangi ya nembo yako inachongewa silinda yake ya chuma. Rangi nne, silinda nne. Kuzichonga na kuzifunga kwenye mashine kunagharimu vilevile, uchapiwe mifuko mia tano au elfu ishirini, na plastiki nyingi inaharibika mwanzoni wakati wanalinganisha rangi. Kwa hiyo kiwango hicho huwa ni cha kila muundo. Ukitaka robo kilo na nusu kilo, hiyo ni elfu kumi mara mbili. Hapo wengi wanaumia, kwa sababu hawakuuliza.

KAKA: Ukaandika tena?

DADA: Nikaandika. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Nahitaji mifuko 2,000 ya kusimama, ya gramu 250 za kahawa ya punje iliyokaangwa, yenye zipu, vali ya kutolea hewa na alumini ndani. Kiwango chenu cha chini ni kipi kwa mifuko iliyochapwa kwa silinda, kwa uchapaji wa dijitali, na kwa mifuko isiyochapwa iliyopo stoo?" Majibu yakabadilika: elfu kumi, elfu moja, mia tano. Dijitali haihitaji silinda, ila bei ya mfuko mmoja inapanda. Nikachukua isiyochapwa, lebo nikabandika za hapahapa Mbeya.

KAKA: Sampuli je?

DADA: Mifuko walitoa bure, nauli ya kuituma nikalipa mimi. Ila niliwaambia wazi: nataka mfuko uleule nitakaouziwa, wa unene uleule, si wa kufanana nao. Ulipofika nikajaza kahawa yangu mwenyewe. Kahawa iliyokaangwa sana huvimba, kwa hiyo gramu 250 zake hutaka nafasi kubwa kuliko za iliyokaangwa kidogo. Mfuko wa kwanza zipu haikufunga! Nikaomba saizi inayofuata.

KAKA: Na vali uliipimaje?

DADA: Kahawa iliyotoka tu kukaangwa hutoa gesi kwa siku kadhaa. Ukiifunga kwa mashine ya moto na mfuko ukavimba kama mpira, vali imeziba. Halafu nikauzamisha majini na kuubana: mapovu yatoke kwenye vali tu. Yakitoka pembeni, mshono unavuja. Sampuli moja bado ninayo, nimeiandika tarehe, ili mzigo ukija niulinganishe nayo.

KAKA: Walisema utakuwa tayari lini?

DADA: "Siku 15." Usiridhike na hapo, kaka. Uliza: kuanzia lini? Kwao zilianza siku walipopokea malipo ya awali, na kwa mifuko ya kuchapwa zinaanza baada ya wewe kuidhinisha mchoro. Na siku hizo ni za kiwandani tu, safari haimo. Nikauliza pia kama zinaangukia mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, maana viwanda hufungwa.

KAKA: Tuje kwenye usafiri. Wengine hutaka CIF Dar es Salaam, wakidhani wamemaliza.

DADA: Bei hiyo ina nauli na bima hadi bandari ya Dar. Gharama za bandari, wakala wa forodha, ushuru, VAT na lori la kuja Mbeya bado ni zako. Kwa FOB unaanza kulipa mapema zaidi: mzigo ukishapakiwa melini kule kwao, nauli ya bahari ni yako. Lakini mimi nilikuwa na mzigo mdogo mno. Mfuko mmoja una gramu kama kumi na tano, kwa hiyo elfu mbili ni kilo thelathini hivi. Peke yake melini ningelipia nafasi nisiyoitumia.

KAKA: Ukafanyaje?

DADA: Nikatafuta msafirishaji anayechanganya mizigo, mwenye ghala Guangzhou. Barua ya mwisho nikauliza: "Bei yenu ikijumuisha kufikisha Guangzhou ni ngapi? Katoni ngapi, vipimo vya kila moja, na uzito pamoja na katoni?" Wakajibu katoni tatu, kilo 33. Namba hizo nikampelekea msafirishaji, akanipa bei yake hadi Dar, na hapo ndipo nikalipa malipo ya awali.