Bei ya mahindi ya Januari inatoka wapi

Karibuni jamani, mliosimama nyuma kuna viti huku mbele. Leo naongelea kitu kimoja tu, ukishajua bei ya gunia la mahindi leo pale Tandale, unaipataje bei ya haki ya mkataba wa kuletewa gunia hilohilo miezi sita mbele, yani ile wanayoiita fyucha. Wengi wanadhani ni utabiri, kwamba kuna wataalamu wamekaa mahali wanabashiri Januari njaa itakuwepo au haitakuwepo. Kwa bidhaa inayokaa ghalani sio hivyo, bei ya mbele imefungwa na bei ya leo, na kinachozifunga ni ghala na hela ya mkopo.

Tuchukue mfano, namba nazitunga ili hesabu iende vizuri. Julai, mzigo unashuka kutoka Songea na Sumbawanga, gunia la kilo mia ni 60,000. Benki inakukopesha kwa asilimia 18 kwa mwaka, kwa hiyo miezi sita ni asilimia 9, sawa na 5,400. Ghala, pamoja na chaga, kupiga dawa ya dumuzi na kinachopotea kwenye mizani, tuseme 500 kwa gunia kwa mwezi, miezi sita 3,000. Jumla ukifika Januari gunia lako limekula 68,400.

Sasa atokee mtu anayetaka kusaini mkataba leo, umpelekee Januari kwa 75,000. Usiwaze mara mbili, unakopa, unanunua leo, unaweka ghalani, unasaini. Januari unakabidhi, unarudisha mkopo na riba, unalipa ghala, umebaki na 6,600 kwa kila gunia na hujabahatisha kitu, maana bei ya kuuzia ulishaifunga Julai. Na kwa kuwa kila mwenye akili ataifanya hiyo biashara, wananunua leo bei ya leo inapanda, wanauza mbele bei ya mbele inashuka, mpaka lile pengo linakufa. Ndio maana 68,400 ni kama dari, fyucha haiwezi kukaa juu yake muda mrefu labda ghala ziwe zimejaa au mkopo haupatikani, na hilo nitalirudia.

Upande wa chini ndio mtamu zaidi, na ndio watu wanauruka. Tuseme mkataba wa Januari unauzwa 63,000. Kwa hesabu ni bei ndogo mno, ilitakiwa mwenye mahindi ghalani ayauze leo kwa 60,000, akwepe riba na ghala ile 8,400, halafu asaini kuyanunua tena Januari kwa 63,000. Analipa 3,000 zaidi, ameokoa 8,400, faida 5,400 bila jasho. Mbona hawafanyi?

Hebu nenda kwa mwenye mashine ya kusaga sembe pale Manzese umwambie auze magunia yake mia mbili yote leo, Januari atarudishiwa. Atakuangalia tu. Mashine inasimama, vijana wa kupakia wanakaa bure, na wale wenye maduka wanaochukua viroba kwake kila asubuhi watahamia kwa jirani na kuwarudisha sio kazi ndogo. Mkataba wa Januari hausagiki leo. Kuwa na mzigo mkononi kunampa kitu ambacho karatasi haimpi, na hicho kitu kina thamani ya hela kabisa, tunaiita faida ya kuwa na mzigo. Nicholas Kaldor aliiandika kwenye uchumi mwaka 1939, ila wenye mashine wanaiishi kila siku. Na wewe usiye na mahindi huwezi kuziba pengo hilo, maana hakuna anayekuazima gunia mia mbili ukauze halafu urudishe baada ya miezi sita. Kwa hiyo juu kuna dari ngumu, chini sakafu ni laini.

Ukiandika yote kwa pamoja inakuwa hivi:

```
F = S × e^((r + u − y) × T)
```

F ni bei ya fyucha, S bei ya leo, r riba, u gharama ya ghala, y ile faida ya kuwa na mzigo, zote tatu kwa mwaka kama sehemu ya bei, T ni muda kwa miaka, na e ni namba ya hesabu isiyobadilika, 2.718 hivi. Kwa mfano wetu r ni 0.18, u ni 0.10, y ni 0.18, T ni 0.5, inatoka 63,076. Hizo 76 za ziada ni kwa sababu fomula inaacha gharama zijizalie kidogokidogo badala ya kuzijumlisha mwishoni.

Angalieni sasa, y hakuna mahali imebandikwa ukutani. S unaiona sokoni, r unaiuliza benki, u unaiuliza mwenye ghala, F unaiona kwenye mkataba, y ndiyo inayobaki. Na hapo watu wanachemka. Mtu anaweka riba anayokopeshwa yeye mtaani, asilimia 5 kwa mwezi, anapata y kubwa ajabu anasema soko lina njaa ya mahindi. Hapana, bei inapangwa na wenye mkopo rahisi na ghala kubwa, tumia riba yao sio yako. Au anachukua bei ya leo ya Dar na fyucha ya kukabidhiwa Songea, nauli ya lori inajificha ndani ya y. Mahali pamoja, daraja moja la ubora, ndio hesabu inasimama.

y inakwenda na akiba iliyopo. Julai ghala zikijaa kweli, gunia moja zaidi halimsaidii mtu sana, y inakaribia sifuri na fyucha inasogea kwenye dari. Nenda Aprili, akiba imeisha, mavuno mapya bado yako shambani. Gunia leo 95,000, mkataba wa Agosti 70,000. Riba ya miezi minne 5,700, ghala 2,000, dari ni 102,700, kwa hiyo y imekula 32,700 kwa gunia. Hakuna wa kuliondoa pengo hilo, maana mahindi unaweza kuyapeleka mbele kwa kuyahifadhi, ila ya Agosti huwezi kuyarudisha Aprili. Marekani iliwatokea hivyohivyo baada ya ukame wa 2012, katikati ya 2013 mkataba wa Julai wa mahindi ya zamani ulikuwa juu ya ule wa Desemba wa mavuno mapya kwa zaidi ya dola 1 kwa busheli.

Niliahidi kurudi kwenye dari. u sio namba ya kudumu, ghala zikijaa inapaa na dari inapaa nayo. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani, mkataba wa Mei, yalifunga dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, huku mkataba wa Juni ukiwa dola 20 na kidogo. Mkataba ule unakabidhiwa Cushing, Oklahoma, na matangi ya pale hata yale ambayo hayajajaa yalishakodishwa. Mwenye mkataba hana tangi, kesho yake unaisha, ikabidi alipe watu wauchukue. Pengo la Mei na Juni lilifika dola 58 hivi, yani soko lilikuwa linakulipa dola 58 kuhifadhi pipa moja mwezi mmoja, na aliyeweza kuzipokea ni yule tu aliyekuwa na tangi tupu Cushing siku ile.