Kupogoa Mti wa Mahesabu: Vitanda, Makabati na Mpaka wa Juu

Karibuni, ndugu zangu. Leo tuna tatizo moja tu, na tutalimaliza hapahapa ubaoni. Seremala ana mbao 28 na siku 17 za kazi. Kitanda kimoja kinakula mbao 5 na siku 2. Kabati dogo linakula mbao 3, lakini kwa sababu ya milango na droo zake linakula siku 3. Kitanda kinamwachia faida ya shilingi elfu 70, kabati elfu 50. Atengeneze vitanda vingapi na makabati mangapi? Vitanda viwe x, makabati y, na faida tuihesabu kwa makumi elfu:

```
faida:  7x + 5y   (iwe kubwa kadiri inavyowezekana)
mbao:   5x + 3y <= 28
siku:   2x + 3y <= 17
x, y >= 0, namba kamili
```

Sharti la mwisho ndilo lenye matata. Tukilegeza hilo peke yake, tukaruhusu desimali, njia ya simpleksi aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947 inatupa jibu mara moja: x = 3.67, y = 3.22, faida 41.78. Sasa nani atanunua theluthi mbili za kitanda?

Naona wengine mmeshaanza kukadiria kwenda namba iliyo karibu. Jaribuni. Vitanda 4 na makabati 3 vinahitaji mbao 29, na sisi tuna 28. Basi tushuke, 3 na 3: inawezekana, faida 36. Ishikeni hiyo 36, maana mtaona imeachwa mbali.

Hata hivyo 41.78 si jibu la kutupa. Kila mpango wa namba kamili umo pia ndani ya tatizo tulilolegeza, kwa hiyo hakuna mpango wa seremala utakaozidi 41.78. Tena 7 na 5 ni namba kamili, kwa hiyo faida nayo lazima iwe namba kamili: haiwezi kuzidi 41. Huo ndio mpaka wa juu. Tumeupata kabla ya kujua mpango wowote mzuri.

Sasa tugawe. Vitanda haviwezi kuwa 3.67, kwa hiyo ama x ≤ 3 au x ≥ 4. Hakuna mpango halali unaopotea katikati. Kinachopotea ni lile jibu la desimali. Njia hii ya matawi na mipaka ilitolewa na Ailsa Land na Alison Doig wa London School of Economics mwaka 1960, na mgawanyo huu mwepesi wa pande mbili ni wa Dakin, 1965.

Kila tawi tunalitatua kwa desimali tena. Tawi la x ≤ 3 linatoa x = 3, y = 3.67, faida 39.33, yaani mpaka 39. Tawi la x ≥ 4 linatoa x = 4, y = 2.67, faida 41.33, mpaka 41. Nakwenda kwenye lenye mpaka mkubwa, na lile la kwanza linasubiri.

Ndani ya x ≥ 4, makabati ndiyo yenye desimali. Tukisema y ≥ 3, vitanda 4 na makabati 3 tayari ni mbao 29: tawi halina mpango hata mmoja, limekufa. Tukisema y ≤ 2, tunapata x = 4.4, y = 2, faida 40.8, mpaka 40. Tugawe tena. Kwa x ≤ 4 jibu ni vitanda 4 na makabati 2, faida 38, namba kamili zenyewe, kwa hiyo hapo hakuna cha kugawa. Kwa x ≥ 5 jibu ni vitanda 5 na kabati 1: mbao 28 barabara, siku 13, faida 40.

Sasa rudini kwenye tawi lililokuwa linasubiri. Mpaka wake ni 39, na mkononi tuna 40. Tunalipogoa bila kuligusa, na kazi imekwisha: vitanda 5, kabati 1, shilingi laki nne.

(Hapa mwanafunzi mmoja aliuliza: “Mwalimu, humo kwenye x ≤ 3 kuna mipango mingi hatujaiangalia. Una hakika gani?”)

Swali zuri, na usikubali kuniamini tu kwa sababu kompyuta imesema 39.33. Chukua sharti la siku ulizidishe kwa 5/3, kisha chukua x ≤ 3 ulizidishe kwa 11/3, ujumlishe. Upande wa kushoto x inapata 10/3 na 11/3, jumla 7. Y inapata 5. Hiyo ndiyo faida yenyewe! Upande wa kulia ni 85/3 na 11, jumla 39.33. Basi kila mpango wenye vitanda 3 au pungufu, umeuona au hujauona, hauvuki hapo. Kila mpaka wa simpleksi una ushahidi wa namna hii, na vizidisho vyake simpleksi yenyewe inakupa.

Mpangilio wa kuingia matawini una gharama yake. Sisi tumetatua matatizo 7 ya desimali. Kama ningeanza na x ≤ 3 na kuling'ang'ania hadi mwisho, ningegawa kwa y ≤ 3 na y ≥ 4, kisha hili la pili kwa x ≤ 2 na x ≥ 3, na kupata nini? Ile 36. Matatizo 4 zaidi, kwa sababu tu wakati huo sikuwa na 40 ya kupogolea.

Mkiandika programu yenu wenyewe, kuna mtego ninaokutana nao kila mwaka nikisahihisha kazi. Mpaka unashushwa hadi namba kamili, lakini kompyuta inaweza kukupa 39.9999999 badala ya 40. Ukiushusha huo unapata 39, na tawi lenye jibu bora linakatwa kimyakimya. Programu haileti kosa lolote. Inatoa jibu halali lakini duni. Weka nafasi ndogo, z ikiwa mpaka wa tawi kabla ya kushushwa, na bora ikiwa faida kubwa kuliko zote ulizopata hadi hapo:

```python
if floor(z + 1e-6) <= bora:
    continue   # pogoa
```

Dalili yake ni hii: badilisha mpangilio wa matawi, na jibu la mwisho linabadilika. Faida bora haipaswi kutegemea mpangilio.

Na mipaka ikiwa dhaifu, kupogoa hakusaidii kitu. Robert Jeroslow alionyesha hilo mwaka 1974. Chukua vigeu 41, kila kimoja 0 au 1, na sharti kwamba jumla yao mara mbili iwe 41. Mtoto wa shule anaona kuwa haiwezekani: kushoto ni namba shufwa, kulia ni witiri. Mti hauoni. Hata ukishafunga vigeu 20 kwa namna yoyote ile, vilivyobaki vinaweza kuchukua desimali na kutimiza sharti, kwa hiyo hakuna tawi linalokufa kabla ya hapo. Katika kina cha 20 kuna matawi 2^20, zaidi ya milioni moja, na yote yanabaki hai. Lakini gawanya sharti kwa 2 kabla ya kuanza: jumla ya namba kamili inatakiwa iwe 20.5, na tatizo linaisha kwenye shina, bila tawi hata moja.