Mifuko 40 ya saruji: kipi kiende kwenye grupu, kipi kiandikwe kwa barua pepe

Habari za asubuhi, ndugu washiriki. Leo nitazungumzia grupu za WhatsApp za kazini, zile ambazo mtunza stoo, afisa ugavi, mhasibu na meneja wote wamo. Nitatumia mfano mmoja tu, wa kubuni, ila wengi wenu mtautambua.

Jumatatu lori la mzabuni linafika stoo. Oda ilikuwa mifuko 600 ya saruji, lakini mtunza stoo anahesabu 560. Anafungua simu na kuandika hivi:

"Habari za asubuhi wakuu."

Kisha anasubiri. Simu kumi na tano zimelia, watu wanane wamejibu "Nzuri, za kwako?", na hakuna hata mmoja anayejua kuna tatizo. Dakika kumi baadaye anaandika, "Kuna changamoto kidogo na ule mzigo." Meneja anauliza mzigo upi. Mwingine anauliza changamoto gani. Dereva wa lori naye anataka karatasi yake isainiwe aondoke. Kufika hapo majibu yamefika ishirini, na mtu wa zamu ameshasaini kwamba amepokea mifuko 600.

Salamu hatuwezi kuiacha. Kwetu ujumbe usio na salamu unasomeka kama amri. Ila salamu na jambo vikae kwenye ujumbe mmoja, na salamu ya grupu haidai jibu la kila mtu. Ujumbe uliotakiwa ni huu:

"Habari za asubuhi. Lori la saruji limefika saa 3:10 asubuhi likiwa na mifuko 560, oda ni 600. Sijasaini delivari noti. @Afisa Ugavi, naomba maelekezo kabla ya saa 4:00 asubuhi, dereva anasubiri."

Angalieni mpangilio wake. Simu iliyofungwa huonyesha maneno machache tu ya mwanzo, kwa hiyo lori na upungufu vimetangulia. Anayetakiwa kutenda ametajwa kwa alama ya @, maana ombi linaloelekezwa kwa "wote" huishia bila mtu wa kulibeba. Muda umeandikwa pamoja na neno "asubuhi". Ukiandika "saa 3" peke yake, mwenye simu yenye saa ya kizungu anaweza kuweka kikao saa 9 alasiri, na hili hutokea zaidi penye wenzetu wasiokulia kwenye saa za Kiswahili.

Kuhusu urefu, kipimo changu ni sentensi tatu hadi tano. Ujumbe ukishaonyesha "Soma zaidi" kwenye skrini, umepita saizi ya grupu: wengi hawatabonyeza, na watakaobonyeza watajibu hoja ya mwisho na kuziacha zilizo katikati. Weka maelezo marefu kwenye waraka au barua pepe, kisha kwenye grupu andika mstari mmoja unaoelekeza huko. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu una shida hiyo hiyo, tena zaidi. Aliye kikaoni hawezi kuusikiliza, na wiki ijayo huwezi kutafuta neno "saruji" ndani yake. Tuma sauti pale tu mikono ina kazi, na tarakimu uziandike.

Majibu nayo yana adabu yake. "Sawa" haitoshi, kwa sababu yaweza kuwa nimeona, nimekubali au nimemaliza. Afisa ugavi ajibu kwa kunukuu ujumbe ule ule: "Pokea 560. Andika upungufu wa 40 kwenye nakala zote za delivari noti, dereva asaini, kisha nitumie picha." Wengine wasio na la kuongeza waweke emoji ya dole gumba kwenye ujumbe. Pole, hongera na amina thelathini zilizoandikwa moja moja huwa ndizo zinazoifukia amri ya kazi juu kabisa ya skrini.

Sasa meneja amekasirika. Anataka kuandika, "KWA NINI HAMKUHESABU MZIGO WA WIKI ILIYOPITA?" kwa herufi kubwa, mbele ya vijana wanaoongozwa na huyo mtunza stoo. Swali lenyewe ni halali, mahali ndipo siyo. Kwenye grupu kaulizie kazi: "Naomba hesabu ya mzigo wa wiki iliyopita ifike kabla ya saa 8:00 mchana." Lawama ipeleke inboksi, au bora zaidi, piga simu. Maandishi hayana sauti, na mtu anayekosolewa mbele ya watu kumi na tano atajitetea badala ya kurekebisha.

Twende kwenye barua pepe. Mifuko 40 tayari imo kwenye grupu, picha ipo, kwa nini tuandike tena? Kwanza, mzabuni hayumo kwenye grupu yenu. Pili, mhasibu atakayelipa ankara mwezi ujao hataanza kupekua mazungumzo. Tatu, ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 na kufutwa kwa wote kwa takriban siku mbili na nusu. Isitoshe, grupu ikiwa imewekewa ujumbe unaotoweka, yote yanaondoka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Na mfanyakazi akiacha kazi, simu ni yake, anaondoka nayo.

Kipimo ni hiki: jambo likigusa fedha, mkataba, mtu wa nje au haki ya mfanyakazi, liandikie barua pepe siku hiyo hiyo. Mfano wetu umegusa matatu kati ya hayo. Barua iwe hivi:

"Yah: Upungufu wa mifuko 40 ya saruji, delivari noti Na. 1187 ya 14/7/2025

Ndugu,
Tumepokea mifuko 560 badala ya 600 iliyo kwenye oda. Dereva wenu amesaini upungufu huo, picha imeambatishwa. Tunaomba mlete mifuko 40 au mtoe hati ya kupunguza deni ifikapo Ijumaa, 18/7/2025. Ankara ya mifuko 600 haitalipwa kabla ya hapo.

Wako,
Afisa Ugavi"

"Yah" ibebe namba na tarehe, kwa sababu ndivyo itakavyotafutwa. Ombi ni moja na lina siku yake. Nakala iende kwa mhasibu, kwa kuwa ndiye atakayezuia malipo, na kwa meneja. Grupu nzima haihitaji nakala. Kisha rudi kwenye grupu na mstari mmoja: "Barua ya madai imetumwa kwa mzabuni, mhasibu ana nakala."

Upande wa haki za mfanyakazi, nisisitize mawili kwa Tanzania. Anayeumwa aandike kwenye grupu "Sitakuwepo leo, zamu yangu ameishika fulani," basi. Jina la ugonjwa lisiandikwe humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Cheti cha daktari kiende kwa ofisi ya utumishi kwa barua pepe, kwa kuwa malipo ya likizo ya ugonjwa yanadai cheti. La pili ni onyo na kuachishwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya kusitisha mkataba iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe, na kwa anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28 baada ya mwezi wake wa kwanza kazini. Mstari wa grupu unaosema "kuanzia kesho usije" hauna sababu wala notisi hiyo, na watu kumi na tano wameshausoma.